Chumvi, Ozoni na Namba ya Leseni: Kuchagua Maji ya Chupa Unguja

Ingia duka lolote la Darajani au Mkunazini uangalie friji. Chupa za lita moja na nusu zimepangwa safu moja, majina tofauti tofauti, na bei zimepishana kwa shilingi mia mbili hivi. Mengine yamevuka bahari kutoka Bara, kama Kilimanjaro ya Bonite Bottlers wa Moshi au Uhai ya Bakhresa. Mengine yamejazwa hapahapa kisiwani. Ukimuuliza mwenye duka yepi bora, jibu ni moja: "Maji ni maji, dada, chukua yaliyopoa." Maneno hayo hayana ukweli, na chupa yenyewe inayakanusha. Karibu kila unachohitaji kujua kimeandikwa kwenye lebo kwa herufi ndogo, nyuma ya picha ya mlima au mnazi.

Tuanze na bei, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu huishia. Chukua bei za mfano, nawe uweke za mtaani kwako: nusu lita kwa shilingi 500, lita moja na nusu kwa 1,000, na galoni la kurudisha la lita 18.9 kwa 4,000. Lita moja ya maji hayo inakugharimu shilingi 1,000 ukinunua chupa ndogo, 667 ukinunua ya kati, na 212 ukinunua galoni. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku, hutumia lita 300 kwa mwezi. Kwa chupa ndogo ni shilingi 300,000, kwa chupa za kati ni 200,000, na kwa galoni ni kama 64,000, bila kuhesabu amana ya galoni lenyewe. Nyumba hiyohiyo inayotumia chupa za kati, ikiacha jina la bei ya juu na kuchukua lililo rahisi kwa shilingi mia mbili, itaokoa 40,000 kwa mwezi. Ikihamia kwenye galoni itaokoa zaidi ya mara tatu ya hizo. Kwa hiyo anayetafuta nafuu aitafute kwenye ukubwa wa chombo. Jina la maji lichaguliwe kwa lebo.

Kwenye lebo hiyo tafuta kwanza chanzo. Unguja haina ziwa, na mito yake ni midogo. Maji yetu yako chini, ndani ya mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe. Mvua za masika na vuli huzama kwenye mwamba huo, na maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Upande wa magharibi hali ni nzuri. Huko ndiko ziliko chemchemi za Bububu na Mtoni, na ni kutoka huko Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikovuta maji ya bomba mpaka Mji Mkongwe. Ukienda mashariki, Paje na Jambiani, udongo ni haba, mwamba uko juu, na visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Tena kisima cha popote kikivutwa kupita kiasi, maji matamu hupungua na ya bahari hupanda kuziba nafasi.

Lebo inayosema "kisima kirefu" na kutaja mahali, kwa mfano shehia au wilaya, imekupa habari ya kweli. Lebo inayosema "maji safi kutoka Zanzibar" haijasema kitu. Na kama maji ni ya bomba la mtaa yaliyotiwa tu kwenye chupa bila kusafishwa zaidi, kiwango cha kimataifa cha Kodeksi cha maji ya chupa, kile cha mwaka 2001, kinamtaka mtengenezaji aandike wazi kwamba yametoka kwenye mfumo wa usambazaji. Si aibu kutumia maji ya Mamlaka ya Maji yaliyosafishwa vizuri. Aibu ni kuuza maji ya bomba chini ya picha ya maporomoko.

Yapo pia maneno "madini asilia". Hayo yana maana maalumu katika viwango, yakiwemo vya Afrika Mashariki: ni maji ya chanzo kilicholindwa, ambayo madini yake yameachwa kama yalivyotoka ardhini. Maji yaliyochujwa mpaka chumvi zote zikaondoka hayawezi kuitwa hivyo. Ukikuta lebo inadai madini asilia na papo hapo inajivunia mtambo wa kuondoa chumvi, dai moja kati ya hayo mawili si kweli, na huna haja ya maabara kulijua hilo.

Sasa usafishaji, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kwa kisiwa chetu ndipo penye uzito. Viwanda vingi hupitisha maji kwenye mchanga, kisha kwenye mkaa maalumu unaoondoa harufu na klorini, kisha kwenye vichujio vyembamba. Hatua hizo hutoa uchafu, si chumvi. Chumvi huondolewa na mtambo ambao lebo huutaja kwa herufi RO: maji husukumwa kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, chumvi nyingi hubaki upande wa pili, na sehemu kubwa ya maji humwagwa pamoja nayo. Mtambo huo hula umeme, na utando wake hubadilishwa kwa fedha. Ndiyo maana kiwanda kinachotafuta bei ya chini kabisa hushawishika kuuacha.

Mwishoni huja kuua vijidudu. Miale ya UV huua vile vinavyopita mbele ya taa, basi. Chupa au kizibo kikiwa na uchafu, miale haina habari nacho. Ozoni ni gesi inayotiwa ndani ya maji muda mfupi kabla ya kujaza. Huendelea kufanya kazi ndani ya chupa, husafisha mpaka kizibo, kisha baada ya saa chache hugeuka kuwa oksijeni ya kawaida. Kwa hiyo maji yenye UV na ozoni pamoja yana kinga mbili, na mtu akiishia hapo ataona lebo yenye neno ozoni ni lebo njema.

Lakini maji ya bahari yana bromidi, kiasi cha miligramu 65 kwa lita, na kisima kilichoingiwa na bahari huipata pia. Ozoni ikikutana na bromidi huweza kuigeuza kuwa bromati, kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, yaani kiasi kidogo mno. Haina rangi wala harufu, na kwa kiwango hicho ulimi hauioni.

Jambo hili limewahi kumkuta mkubwa. Mwezi Machi 2004 kampuni ya Koka-Kola iliondoa madukani Uingereza maji yake ya Dasani, chupa zipatazo nusu milioni, wiki chache tu baada ya kuyaingiza sokoni. Yalikuwa maji ya bomba ya Sidcup, karibu na London, yaliyochujwa kwa mitambo ya kisasa. Kiwanda kilirudishia madini kwa kutumia kloridi ya kalsiamu, chumvi hiyo ilikuwa na bromidi ndani yake, ozoni ikafanya kazi yake, na bromati ikapimwa kati ya mikrogramu 10 na 22. Kama kiwanda chenye uwezo ule kilipitiwa, kiwanda kidogo chenye kisima karibu na pwani kinapaswa kupima mara kwa mara, na mnunuzi anapaswa kujua pa kutazama.

Pa kutazama ni kloridi. Katika maji ya bahari, kwa kila miligramu moja ya bromidi kuna kloridi zipatazo 290. Chupa ambayo lebo yake inasema kloridi ni miligramu 140 kwa lita, kama kloridi hiyo imetoka baharini, ina bromidi ya takriban nusu miligramu. Ozoni ikigeuza asilimia moja na nusu tu ya bromidi hiyo, kikomo cha bromati kimeshavukwa. Simaanishi kwamba kila chupa ya namna hiyo ina sumu. Kiasi kinachogeuka hutegemea dozi ya ozoni, muda na hali ya maji, na kiwanda makini hupunguza dozi. Lakini kloridi ikiwa kubwa, lebo ikataja ozoni na isitaje RO, hapo pana swali linalostahili jibu la kipimo. Kloridi ikiwa 10 au 20, swali hilo karibu linakwisha lenyewe.

Upande wa tatu ni leseni. Zanzibar ina Taasisi ya Viwango, ZBS, iliyoundwa kwa sheria namba 1 ya mwaka 2011, ambayo hutoa alama ya ubora kwa bidhaa. Ina pia Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, unaosimamia usalama wa chakula. Bara kuna Shirika la Viwango, TBS, na chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inayohusu viwango, alama za ubora za nchi wanachama zinatambuliwa katika soko la Jumuiya. Kwa hiyo chupa ya Kiunguja itazamwe alama ya ZBS, ya kutoka Bara itazamwe ya TBS.

Alama peke yake ni mchoro, na mchoro hunakiliwa na mtu yeyote mwenye kompyuta. Kinachoipa uzito ni namba ya leseni iliyo chini yake au pembeni. Leseni ya alama hutolewa kwa bidhaa fulani ya kiwanda fulani, na kwa muda maalumu. Haihami kwa sababu mwenye kiwanda amefungua tawi jengine au amebadilisha jina la maji. Basi soma namba, kisha soma anwani ya kiwanda, iwe ya mahali panapoonekana na si sanduku la posta tu. Ukitaka uhakika, piga picha lebo uipeleke ZBS uwaulize kama namba ile ni ya jina lile. Kenya wamerahisisha kazi hii: mnunuzi hutuma neno SM# likifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023, na shirika lao la viwango humjibu bidhaa ni ya nani. Huduma kama hiyo ingetufaa sana hapa, maana mama aliyesimama dukani Mwanakwerekwe na mtoto mgongoni hawezi kwenda ofisini kwa ajili ya chupa ya shilingi elfu.

Kuna dalili moja ya haraka kwa maji ya Bara. Mpaka mwaka 2019 chakula kilisajiliwa na TFDA. Mwaka huo kazi hiyo ilihamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Chupa iliyojazwa mwaka huu ambayo bado inaonyesha usajili wa TFDA inatumia lebo ambayo mwenyewe hajaigusa tangu wakati ule, na ni halali kujiuliza kama vipimo vilivyochapwa pembeni ni vya wakati uleule pia.

Usipotoshwe na alama nyengine zinazojaza nafasi. Stempu ya kodi inasema kodi imelipwa. Mistari ya kusomwa na mashine, inayoanza na 620 kwa Tanzania au 616 kwa Kenya, inasema kampuni ilijisajili wapi kupata namba ya biashara. ISO 9001 inahusu namna kampuni inavyoendesha kazi zake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema maji yaliyomo yamepimwa.

Niliziweka chupa tatu mezani, zote za lita moja na nusu, zote za majina ambayo sitayataja, nikazisoma kwa kufuata mpangilio huo. Ya kwanza imejazwa Unguja, na bei yake ni ya kati. Inataja kisima kirefu na wilaya kiliko. Inataja mchanga, mkaa, RO, UV na ozoni. Jumla ya chumvi zilizoyeyuka, ambayo lebo huiandika TDS, ni miligramu 70, na kloridi ni 15. Ina alama ya ZBS na namba inayosomeka. Hapa mambo matatu yanakubaliana: kisima cha kisiwani, mtambo wa kuondoa chumvi, na takwimu zinazoonyesha chumvi imeondoka kweli.

Ya pili ndiyo rahisi kuliko zote. Chanzo kimeandikwa "maji ya asili". Usafishaji ni vichujio na ozoni. TDS ni 480 na kloridi ni 140. Ladha si mbaya hata kidogo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema maji ya TDS chini ya 600 kwa kawaida hunyweka vizuri. Alama ipo, namba imefutika. Chupa hii sikuinunua tena, na sababu nimeshaieleza hapo juu.

Ya tatu ina lebo nzuri kuliko zote, yenye dhahabu. Inadai RO na TDS ya 95. Ukishuka kwenye orodha unakuta kalsiamu 40, sodiamu 25, kloridi 30 na magnesiamu 8. Jumlisha: ni 103, na bado hujatia bikaboneti na salfeti, ambazo zimo kwenye orodha hiyohiyo. Vipande haviwezi kuzidi jumla yao kwa kiasi hicho. Takwimu hizo ama zimenakiliwa kutoka chupa ya mwengine, ama ni za maji kabla ya kuchujwa. Vyovyote vile, lebo hiyo haikuandikwa na mtu aliyepima maji yaliyomo ndani. Hesabu hii humalizika kwa dakika moja ukiwa umesimama dukani, na hufichua zaidi kuliko kifaa cha kupimia TDS ambacho wauza vichujio hupenda kukionyesha. Kifaa kile hupima chumvi tu. Maji yenye vijidudu vya kipindupindu yanaweza kuonyesha namba ndogo ya kupendeza.

Ukiwa kwenye orodha hiyo angalia na naitreti. Mwamba wetu una nyufa, na makaro ya nyumba yako juu yake, hivyo naitreti ikipanda ni dalili kwamba uchafu wa juu unafika kisimani. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita, na chini ya hapo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo bora, hasa kwa nyumba yenye mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kuchemsha hakuiondoi naitreti, wala hakuondoi chumvi.

Galoni lina mtihani wake, kwa kuwa chombo huzunguka nyumba nyingi. Jina lililochorwa kwenye plastiki yenyewe lifanane na la lebo na la kizibo. Majina yakipishana, galoni la kampuni moja limejazwa na mwengine, na leseni ya yule wa kwanza haihusiki tena. Tarehe na namba ya toleo mara nyingi ziko kwenye kizibo, kwa hiyo usikubali kizibo kilichofunguliwa "kukusaidia". Ligeuze juu chini mbele ya muuzaji, likivuja, mrudishie. Ndani pakiwa na ukijani au utelezi, mrudishie vilevile. Na lisikae juani. Plastiki iliyopigwa na jua la mchana barazani huharibu ladha, na wauzaji wanaopanga maji nje ili yaonekane wanapaswa kuambiwa hivyo na wateja wao.

Kwa chupa ndogo, hasa zinazouzwa kwa mkono Forodhani na karibu na bandari, shika kizibo kabla ya kulipa. Pete ya chini iwe imeshikamana nacho, na ukifungua usikie ikikatika. Chupa tupu Mji Mkongwe ni mali: hutiwa asali, mafuta ya nazi, maji ya ukwaju. Hakuna ubaya, ila chupa hiyohiyo inaweza kurudi na maji ya bomba.

Nikiulizwa na jamaa wa nyumbani kwangu nichague nini, jibu langu ni hili. Kwa nyumba, galoni la kiwanda cha hapahapa kinachotaja kisima chake, kinachotumia RO, chenye kloridi ndogo na namba ya ZBS inayosomeka. Kwa njiani, chupa yoyote, ya Unguja au ya Bara, inayofaulu mtihani huohuo. Na kwa mwezi ambao fedha haipo, maji ya Mamlaka yaliyochemshwa mpaka yakatokota, yakapoa ndani ya chombo chenye mfuniko, ni salama kuliko chupa ya bei rahisi isiyosema ilikotoka.